Fedha ya Mama Inapolazimika Kupungua

Bibi mmoja wa Ukunda amenieleza jambo ambalo naamini limo katika nyumba nyingi tangu Diani hadi Msambweni. Mumewe ni mhudumu wa hoteli. Kila tarehe 5 simu yake humpelekea mamake mzazi, aliyeko Vanga, shilingi 6,000 kwa M-Pesa Ratiba, ile huduma iliyoanza mwaka 2024 ya kutuma fedha yenyewe siku iliyopangwa. Katikati ya Aprili, wageni walipopungua, hoteli ikatangaza kuwa mshahara wa Mei utakuwa nusu, yaani 12,000 badala ya 24,000. Mume akataka kuifuta Ratiba usiku ule ule, mengine yaje baadaye. Bibi akamzuia, kwani alijua lawama ingemwendea nani.

Hofu yake ilikuwa ya haki. Fedha ikikatika kimya kimya, Vanga hakuna atakayesema hoteli imepunguza mshahara. Watasema mkaza mwana ameushika mkono wa mumewe. Naye mama angeijua habari hiyo akiwa amesimama mbele ya mwenye duka.

Nasema mwenye duka kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha jambo. Fedha ya kila mwezi haibaki kuwa zawadi. Hugeuka kuwa dhamana. Mama huandikiwa unga, mafuta na sukari kwa kuwa inajulikana tarehe 5 atalipa. Basi nikamwambia yule kijana: kabla hujagusa simu, nenda Vanga ukaulize hizo 6,000 zimeshika nini.

Alikwenda mwenyewe, hakumtuma dada wala jirani, akakaa na mamake faraghani. Ikabainika kuwa 2,500 ni za duka, 1,500 za dawa ya presha, 1,000 za mchezo wa akina mama, na 1,000 ni nauli ya mdogo wake anayesomea ufundi. Katika mchezo, mama alikwisha pokea zamu yake, na ilibaki miezi minne ya kuwalipia wenzake. Hilo ni deni. Lau hangekuwa amepokea, angeweza kuomba kutoka kwa heshima.

Sasa hukumu. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mtu huanza na nafsi yake, kisha mkewe, kisha watoto wake wadogo, kisha mama. Chakula na dawa za mama asiye na kitu ni wajibu juu ya mwana mwenye ziada, kwa hiyo kuzikata zote, hali kitu kimebaki, hakumfai. Nauli ya ndugu si wajibu juu yake. Ni hisani, na hisani hupungua mkono unapopungua. Tena nafaka ya mzazi iliyopita kwa kutokuwa na uwezo haigeuki kuwa deni, tofauti na nafaka ya mke. Kwa hiyo hana haja ya kuahidi kwamba atakuja kulipa miezi yote iliyopungua. Ahadi hiyo ndiyo huvunja moyo wa mama mara ya pili.

Akamweleza mambo matatu bila kuzungusha: sababu, kiasi, na tarehe. "Mama, kazini wametupunguzia nusu. Tarehe 5 Mei utapata zote kama kawaida, ili ufute deni la dukani. Kuanzia Juni zitakuwa 4,000." Hakusema "inshallah mwezi ujao" juu ya jambo alilojua halitakuwa. (Neno hilo tukufu tumelifanya pazia, Mwenyezi Mungu atusamehe.) Mama akanyamaza kidogo, akauliza, "Na wanao wanakula, mwanangu?"

Hizo 4,000 ni dawa 1,500, mchezo 1,000, na duka 1,500. Mama mwenyewe, si mwana, ndiye aliyemwambia mwenye duka asimwandikie kupita hapo. Mwana kwenda kusema huko kungemvunjia mamake heshima. Mdogo wake aliambiwa peke yake, siku ile ile, asije akaisikia kwa mama akadhani amechongewa. Alikasirika, na bado hajapoa sana.

Baada ya 5 Mei ndipo Ratiba ya zamani ikafutwa na mpya ya 4,000 ikawekwa, ikianza Juni na tarehe ya mwisho ikiwa 5 Agosti, mchezo unapokwisha. Mama ameambiwa tarehe hiyo. Kabla haijafika kijana atapiga simu kusema kama Septemba ni 3,000, au kama hoteli imerudisha mshahara. Na nimemsihi akipiga, mkewe awe karibu, naye azungumze na mama mkwe wake.