Aplikasyo za akiba: tamaa iko katika zawadi inayofichwa

Butembo – Katika makundi ya WhatsApp ya kartie, ya kwaya na ya wachuuzi wa soko, kunapita ujumbe wa aina moja: "Usikose bahati! Ingiza watu 10, vuna dola 20. Ofa inaisha leo usiku." Chini yake kuna kode ya mwaliko na jina la aplikasyo ya kuweka akiba kwa telefone. Anayeutuma si tapeli. Mara nyingi ni shemeji, jirani, au mama anayeuza mchele meza ya pili. Hakuandika yeye maneno hayo. Kampuni ndiyo iliyoyaandika, yeye akabonyeza tu kitufe cha "Tuma". Lakini aibu inabaki kwake, kwa sababu jina linaloonekana juu ya ujumbe ni lake.

Ujumbe ule una makosa yanayoonekana wazi. Neno "ingiza" linamfanya rafiki kuwa kama gunia linaloingizwa depo. Zawadi inayotajwa ni ya mtumaji peke yake, na anayesoma haelezwi atafaidika nini. Tena "leo usiku" inamharakisha mtu katika jambo ambalo, kwa desturi, linafikiriwa nyumbani pamoja na mume au mke. Akiba ya minervali ya watoto haiamuliwi kwa dakika tano.

Kampuni nyingine zimekwisha kuona aibu hiyo, zikageuza maneno. Sasa ujumbe unasema: "Kwa sababu ninakupenda, nimekutafutia njia nzuri ya kulinda pesa yako. Fungua kwa kode hii." Unasikika mtamu, wala dola haitajwi. Huu ndio mbaya zaidi. Wa kwanza ulikuwa na tamaa ya wazi, na mtu aliweza kuukataa akicheka. Huu wa pili unauza upendo, na zawadi ya mtumaji imewekwa mfukoni bila kusemwa. Siku rafiki atakapofungua aplikasyo na kuona kwamba kila mwaliko unalipwa, ataelewa kwamba dada yake alilipwa kwa ajili yake. Hapo neno "ninakupenda" litakuwa limeharibu kitu ambacho kampuni haiwezi kurudisha.

Wanaoandika maneno haya ofisini wanadhani kwamba kutaja pesa ndiko kunakosikika kama tamaa. Wangeuliza wamama wa AVEC. Katika chama hicho cha akiba na mikopo, watu 15 hadi 25 wanakutana kila juma, wananunua hisa mbele ya wote, na sanduku lina kufuli tatu, funguo zake zikishikwa na watu watatu tofauti. Pesa inatajwa kwa sauti mkutano mzima, na hakuna anayemwita mwenzake mwenye tamaa. Anayemleta memba mpya hapewi franka hata moja. Anamleta kwa sababu anamjua, na mgeni akikimbia na mkopo, yeye ndiye atakayeulizwa wa kwanza. Mwaliko wa AVEC unaaminika kwa sababu mwalikaji anaweka kitu chake hatarini. Katika mwaliko wa aplikasyo, mwalikaji anapata kitu. Tofauti hiyo haifichiki kwa maneno matamu, inabidi isemwe.

Tena Wakongomani wana sababu ya kuogopa. Wazee wanakumbuka michezo ya Kinshasa ya mwaka 1990 na 1991, hasa ule wa Bindo, ambapo faida ya waliotangulia ilitoka katika pesa za waliofuata, mpaka siku wapya walipopungua na pesa za wengi zikapotea. Kwa hiyo mtu anayeambiwa "leta watu upate pesa" anauliza kwa haki: pesa hiyo inatoka wapi? Kama zawadi ni ya mara moja, ya kiasi kidogo, na inatoka katika fedha ambazo kampuni ingelipa kwa matangazo ya redio na mabango, hilo ni jambo la biashara. Kama inakatwa katika akiba za watu, au kama mtu analipwa pia kwa watu walioletwa na watu wake, hadi ngazi ya tatu na ya nne, basi hakuna maneno yanayoweza kuuponya mwaliko huo. Afadhali mtu afunge telefone.

Tuchukue sasa aplikasyo yenye ruhusa ya Benki Kuu, inayotaka kweli watu waweke akiba. Tuseme inatoa franka 2,000 kwa kila upande. Ujumbe ungeweza kuwa hivi:

"Habari dada. Naweka akiba ya minervali kwenye aplikasyo hii, na nimefika nusu. Ukifungua kwa kode yangu na kuweka franka 10,000, kisha tena 10,000 mwezi unaofuata, wewe unapata 2,000 na mimi pia napata 2,000. Kampuni ndiyo inayolipa. Unaweza kutoa pesa yako siku yoyote, lakini kuna malipo ya kutoa, uyaangalie kwanza. Kama haikufai, hakuna shida."

Pesa imetajwa mara nne, na bado hausikiki kama tamaa. Sababu ya kwanza ni mpangilio: faida ya anayealikwa imetangulia, ya mwalikaji imefuata, na zote mbili ni sawa. Kampuni ya Amerika PayPal, katika miaka yake ya mwanzo, ililipa pande zote mbili vilevile, mgeni na aliyemleta. Sababu ya pili ni malipo ya kutoa. Mtu anayekutajia gharama kabla hujaiuliza, unamsikiliza kwa sikio lingine.

Sharti la mwezi wa pili nalo si pambo. Pale zawadi inapolipwa siku ya kufungua akaunti tu, watu wanafungua kwa kadi za simu za nyanya, za mtoto, za mgeni aliyelala usiku mmoja. Kampuni inahesabu wateja wapya, inafurahi, na akaunti zimekufa. Dalili yake inajulikana: pesa inaingia kwa kiasi cha chini kabisa, zawadi inalipwa, na kesho yake yote imetolewa. Kisha kampuni inasema raia si waaminifu, wakati ujumbe wake wenyewe ulisema "ingiza watu". Ulipata ulichoomba.

Kuna pia wakati wa kuomba. Aplikasyo nyingi zinaleta kitufe cha mwaliko dakika mtu anapomaliza kuandikishwa, kabla hajaweka hata franka moja. Atamshuhudia nini mwenzake? Kitufe hicho kingengoja siku mtu anapofikia nusu ya lengo lake, au anapotoa pesa yake mara ya kwanza na kuiona imefika nzima. Na aplikasyo isiombe kusoma namba zote za telefone ili itume mialiko yenyewe. Mtumaji achague mtu mmoja mmoja, asome maneno, abadilishe anayotaka. Mama wa Butembo hamwandikii baba mkwe kama anavyomwandikia rafiki wa shule, na ujumbe usioweza kubadilishwa unamlazimisha kuwakosea heshima wote wawili.