Sukari ya chai: nusu kijiko kila juma inatosha

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Butembo, sukari hutiwa chai ikiwa bado ndani ya sufuria au termosi. Kila mtu anakunywa utamu uleule, mtoto kama mzee, na hakuna anayejua amekunywa kiasi gani. Sukari itolewe kwenye termosi na kuwekwa mezani. Kila mtu apime ndani ya kikombe chake.

Tuseme baba wa nyumba anakunywa vikombe viwili kwa siku, kila kimoja vijiko vidogo vitatu. Kijiko kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 4, basi jumla ni gramu 24. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri mtu mzima asipitishe karibu gramu 50 kwa siku, na ni vizuri zaidi akibaki chini ya 25. Chai peke yake imekaribia kujaza kipimo hicho. Na kama kijiko kina mlima juu, sukari inaweza kukaribia mara mbili.

Kwa hiyo juma la kwanza asawazishe kijiko tu. Juma la pili atie viwili na nusu, la tatu viwili, la nne kimoja na nusu, la tano kimoja. Atakuwa amefika gramu 8 kwa siku.

Ulimi hupima utamu kwa kulinganisha na ulichozoea. Siku za kwanza za kila hatua chai inaonekana kama maji matupu. Baada ya siku chache inarudi kuwa ya kawaida. Dalili kwamba ulimi umezoea ni hii: kikombe cha zamani, akikionja kwa jirani, kinamshinda kwa utamu.

Kahawa ni ngumu zaidi, kwa sababu sukari huficha uchungu wake. Anayeichemsha muda mrefu ataona uchungu huo ukitokea kila anapopunguza. Apunguze unga au muda wa moto, asirudishe sukari. Majani ya chai vilevile yasiachwe yachemke sana.

Wengi hushindwa kwa kuhamisha sukari: wanaitoa kikombeni, kisha wanaifuata kwenye soda. Asali nayo ni sukari, haibadilishi hesabu. Akipewa chai tamu kwenye matanga au ndoa, kesho yake aendelee na hatua aliyofikia.

Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia insulini au vidonge aongee kwanza na munganga wake, maana dawa ilipimwa kulingana na chakula chake.

Watoto wa nyumba hiyo hawahitaji majuma matano ya kujizoeza. Wanajifunza utamu kutoka termosi ya wazazi. Ikiwa haina sukari, hiyo ndiyo itakuwa chai yao ya kawaida.