Bima ya nyumba: Kwa nini fidia hupungua hata kama umelipa kila mwaka

Moto ukizuka jikoni na kula nusu ya paa, mwenye nyumba aliyelipa bima bila kukosa hata mwaka mmoja anatarajia kulipwa hasara yote. Wengi hushangaa wakiona hundi. Pesa zimepungua, na mtathmini wa hasara anasema kila kitu kimefanywa kulingana na mkataba.

Shida mara nyingi iko kwenye namba moja iliyoandikwa siku ya kwanza na haijaguswa tena: kiasi cha bima ya jengo.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vitatu Kitengela. Mwaka 2019 kuijenga upya kungegharimu Sh6 milioni, na hicho ndicho kiasi kilichoandikwa. Tuseme gharama za ujenzi zilipanda kwa asilimia 5 kila mwaka. Kufikia 2024, kuijenga nyumba ileile kunahitaji kama Sh7.66 milioni. Hati ya bima bado inasoma 6.

Sasa moto unaleta hasara ya Sh2 milioni. Mtu atasema, si bima ni ya milioni 6, mbili zinaingia vizuri? Hapana. Hapo ndipo kanuni ya wastani inapoingia. Kampuni inagawanya 6 kwa 7.66 na kupata asilimia 78, maana yake nyumba ilikuwa na bima kwa asilimia 78 tu. Basi na hasara inalipwa kwa asilimia hiyohiyo: karibu Sh1,567,000. Zile Sh433,000 zilizobaki ni za mwenye nyumba, hata kabla ya kukatwa kile kiasi ambacho mteja hubeba mwenyewe kwenye kila dai.

Dawa yake ni kipengele cha kupandisha kiasi cha bima kila mwaka kwa kufuata fahirisi ya gharama za ujenzi. Uingereza kampuni nyingi za bima hufanya hivi kwa kutumia fahirisi ya BCIS, inayopima gharama ya kujenga nyumba upya. Kenya, shirika la takwimu la KNBS hutoa kila robo ya mwaka fahirisi ya bei za ujenzi, inayohesabu vifaa, vibarua na mitambo.

Usichanganye hiyo na mfumuko wa bei wa kawaida. Ule unafuata unga, nauli na kodi ya nyumba. Simiti na vyuma vina njia yao. Sheria ya Fedha ya 2023, kwa mfano, iliweka tozo mpya kwa klinka na chuma kutoka nje, na hilo haliathiri sukuma wiki.

Na je, inagharimu ngapi? Turudi Kitengela. Kama bima inatozwa asilimia 0.2 ya kiasi kilichoandikwa, mwaka wa kwanza ni Sh12,000. Kiasi kikipanda na fahirisi, mwaka wa sita ni kama Sh15,300. Ukijumlisha nyongeza zote za miaka hiyo sita hufiki hata Sh10,000. Linganisha na zile Sh433,000.

Lakini fahirisi haifanyi miujiza. Inapandisha namba uliyoipa tu. Kama ulianza na bei ya kununulia, pamoja na ploti, ulianza vibaya, kwa sababu ardhi haiungui. Na kama ulianza chini, utabaki chini kila mwaka kwa uwiano uleule. Hesabu ya kuanzia ni ya kujenga upya: kuondoa vifusi, mchoraji ramani, vibali, fundi, vifaa. Mkadiriaji wa gharama za ujenzi ndiye wa kuulizwa, na ni vizuri kumrudia kila baada ya miaka michache. Ukiongeza chumba cha nyuma au ghorofa, fahirisi haijui. Ni wewe wa kuiambia kampuni.

Wenye mkopo wa nyumba wana mtego wao. Benki hudai jengo liwe na bima, na wengine hudhani inatosha ikifikia deni lililobaki. Deni linashuka kila mwezi huku gharama ya kujenga ikipanda, kwa hiyo pengo linakua pande zote mbili. Benki italipwa chake kwanza.

Kujua kama uko salama, toa hati ya mwaka jana na ya mwaka huu, utazame mstari wa kiasi cha bima ya jengo. Namba zikiwa sawa, hakuna fahirisi. Zikitofautiana, uliza wakala mambo mawili: imefuata fahirisi gani, na je, inaendelea kupanda katikati ya mwaka na wakati nyumba inajengwa upya? Moto wa mwezi wa kumi na moja hulipwa kwa bei za mwezi huo, na ujenzi unaweza kuchukua mwaka mwingine mzima.

Zipo pia sera ambazo hazikati fidia ikiwa kiasi cha bima kimefika angalau asilimia 85 ya gharama halisi. Nyumba ya Kitengela, kwa asilimia 78, ingekosa hata hiyo.