Tamko Kuhusu Pensheni ya Mzee Asiyeweza Tena Kutia Saini kwa Sababu ya Dimenshia

Sisi, chama cha wastaafu wa utumishi wa umma na jamaa wanaowatunza hapa Mombasa, tunatoa tamko hili kwa familia, kwa mabenki, kwa Idara ya Pensheni iliyo chini ya Hazina ya Kitaifa, na kwa Bunge la Kenya.

Jambo lenyewe ni moja. Mzazi anaingiziwa pensheni benki kila mwezi, lakini akili yake imefika mahali ambapo hawezi tena kuitolea saini. Familia ikienda kuuliza huambiwa: leteni hati ya uwakili, yaani karatasi ambayo mzee anampa mwanawe mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Tunasema wazi kwamba ushauri huo, ukitolewa wakati huo, ni makosa, na umezipotezea familia nyingi pesa na muda.

Hati ya uwakili hutolewa na mtu anayejua anachokitoa. Asiyejua tena kuwa ana akaunti hawezi kumkabidhi mtu mwingine akaunti hiyo, hata hati iandikwe na wakili gani na igongwe mihuri mingapi. Zaidi ya hayo, hata hati iliyotiwa saini miaka mitano nyuma, mzee akiwa timamu, hukoma nguvu pale akili yake inapoondoka. Mwakilishi hawezi kuwa na mamlaka ambayo aliyemtuma mwenyewe hana tena. Uingereza walilitatua jambo hili kwa sheria ya mwaka 1985, kisha kwa sheria mpya ya 2005, zilizoruhusu mtu aandike mapema hati itakayoendelea kufanya kazi baada ya akili kumtoka. Kenya haina sheria ya aina hiyo. Tunalitaja hili kwa sababu kuna vijana wetu walioko London wanaowashauri dada zao walioko Likoni kwa yale waliyoyaona huko, na mashauri hayo hayafiki mbali kaunta ya benki ikishafunguliwa.

Ni lazima pia tutenganishe mkono na akili. Mzee aliyepigwa na kiharusi, au ambaye mkono unatetemeka hata kalamu haishikiki, lakini anajua ana shilingi ngapi na anataka nani amchukulie, huyo ana uwezo kamili. Ataweka kidole gumba mbele ya shahidi, au atatoa hati ya uwakili kwa njia hiyo hiyo, na itasimama. Mwenye dimenshia ni kinyume chake. Mkono wake unaweza kuandika saini nzuri ya miaka arobaini iliyopita bila yeye kujua ametia saini nini. Kumshika mama mkono na kukigandamiza kidole chake kwenye fomu si kumsaidia. Ni kutengeneza saini ya uongo, na siku ndugu mmoja akikasirika, jambo hilo litafika polisi.

Hatusemi kwamba jina la ugonjwa peke yake linamvua mtu uwezo. Dimenshia huja polepole. Mzee anayesahau alipoweka miwani bado anaweza kueleza kwa maneno yake pensheni yake inatoka wapi, anataka nani aishughulikie, na nini kitatokea mtu huyo akiitumia vibaya. Akiweza kulielewa jambo, kulishika kichwani kwa muda wa mazungumzo, kulipima na kutoa jibu lake, saini yake ni halali. Familia inayotumia kipindi hicho na ifanye hivi: daktari ampime mzee siku ile ile ya kutia saini na aandike alichokiona, na wakili azungumze naye faraghani, pasipo watoto. Hati hiyo itasaidia kwa miezi au miaka kadhaa. Itakapokoma, maandishi hayo ya mapema yatamwonyesha jaji ni nani mzee mwenyewe alimwamini.

Akili ikishaondoka, njia iliyobaki ni Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022. Hapa ndipo tunapoona makosa mengi, kwa hiyo tutaeleza kwa mfano.

Tuseme kuna mwalimu mstaafu wa miaka 79 anayeishi Likoni. Ana mke, binti anayeishi naye, na wana wawili, mmoja wao akiwa ng'ambo. Pensheni yake ni shilingi 31,000 kwa mwezi. Kwa miaka miwili binti amekuwa akitoa pesa kwa kadi ya baba na nambari yake ya siri. Nyumba nyingi hufanya hivyo, na hakuna anayeulizwa kitu mpaka kadi inapoisha muda wake. Benki inamtaka mwenye kadi aje mwenyewe. Binti anamleta baba kwa teksi. Karani anamuuliza mzee amekuja kufanya nini, naye anajibu kuwa amekuja kukagua madaftari ya darasa la sita. Kuanzia hapo benki inajua, na ikishajua haiwezi kujifanya haijui. Akaunti inafungwa kwa utoaji. Pesa hazijapotea: pensheni inaendelea kuingia, ila hakuna wa kuitoa, na dawa za shinikizo la damu haziwezi kungoja.

Binti anakwenda kwa chifu na kupewa barua. Barua ya chifu ni nzuri kwa kutambulisha familia, lakini haimpi mtu mamlaka juu ya akaunti ya mwingine. Jirani anamwambia akafungue mirathi. Mirathi ni ya mali ya marehemu, na baba yu hai, anakunywa chai barazani. Anafikiria kwenda kwa Kadhi. Mahakama ya Kadhi kwa mujibu wa Katiba inashughulikia hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi baina ya Waislamu, na benki haitakubali amri yake katika usimamizi wa mali chini ya Sura ya 248.

Anachohitaji ni ombi katika Mahakama Kuu, linaloambatana na hati yake ya kiapo, ripoti ya daktari, orodha ya mali na madeni ya mzee, na ridhaa za maandishi za mama na ndugu zake. Yule aliyeko ng'ambo anaapa hati yake huko huko mbele ya ofisa anayeruhusiwa kuapisha. Ripoti ya daktari ndiyo uti wa mgongo wa ombi. Mistari miwili inayosema "mgonjwa ana dimenshia" haitoshi. Inafaa itoke kwa daktari wa magonjwa ya akili, itaje tarehe aliyompima, vipimo vya kumbukumbu alivyofanya na matokeo yake, hali ilianza lini, kama kuna matumaini ya kupona, na hasa kama mzee anaweza kusimamia fedha zake. Jaji anaweza kutaka kumwona mzee, ana kwa ana au kwa video. Familia isimfiche, na isimfundishe la kusema.

Jambo la pili ni namna ombi linavyoandikwa. Kuna ulezi wa mtu na kuna usimamizi wa mali yake, na mahakama inaweza kutoa vyote viwili. Anayeomba ulezi peke yake anapata mamlaka ya kuamua kuhusu matibabu na makazi, kisha benki inamrudisha kwa kuwa hakuna neno juu ya akaunti. Binti yetu aombe vyote, na amri itaje kwa uwazi jina la benki, nambari ya akaunti, nambari ya pensheni, mamlaka ya kupokea malimbikizo, na mamlaka ya kujaza fomu za kuthibitisha kwamba mzee yu hai. Tumeona amri zilizoandikwa kwa maneno mapana na mazuri, zikakwama kaunta kwa kukosa tarakimu. Mambo yakiwa ya dharura, wakili anaweza kuomba amri ya muda ya kutoa kiasi maalumu cha matibabu na chakula huku ombi lenyewe likisubiri.

Asiye na uwezo wa kulipa wakili aulize kwenye Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Msimamizi akishateuliwa hajawa tajiri. Anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali katika muda uliowekwa, kwa kawaida miezi sita, na kutoa hesabu. Hawezi kuuza wala kuweka rehani shamba la mzee bila ruhusa maalumu ya mahakama. Pesa za mzee zikae kwenye akaunti ya mzee, zisichanganywe na zake, na risiti za nepi za watu wazima, dawa na mshahara wa mwangalizi ziwekwe. Ndugu wengi hawagombani kwa sababu pesa zimeibwa. Hugombana kwa sababu hakuna anayejua zilikwenda wapi. Mzee akifariki, mamlaka haya yanakoma siku hiyo hiyo na mirathi ndiyo inayoanza. Kutoa pensheni kwa kadi baada ya kifo ni kosa hata kama amri ya mahakama ingali kwenye faili.

Kwa hayo, chama kinatamka yafuatayo.

Mabenki yaache kuitisha hati ya uwakili kutoka kwa mzee ambaye ofisa wao mwenyewe ameandika kuwa haelewi. Yaipe familia barua inayoeleza kwa nini akaunti imezuiwa na maneno gani yanahitajika katika amri ya mahakama. Barua ya ukurasa mmoja ya namna hiyo ingeepusha safari nyingi za kurekebisha amri.

Idara ya Pensheni isisimamishe malipo kwa sababu tu mzee ameshindwa kutia saini fomu ya kuthibitisha kuwa yu hai. Kuwa hai ni jambo la kuonekana, halihitaji akili timamu wala saini. Ofisa wa afya au chifu aliyemwona mzee na kuthibitisha kwa maandishi atosheleze, na saini ya msimamizi ikubaliwe pale amri ya mahakama inapokuwepo.

Bunge litunge sheria ya hati ya uwakili inayodumu baada ya akili kuondoka, ikiwa na sajili, shahidi wa kitabibu, na haki ya ndugu kupinga. Tunajua hatari yake. Kuna wakopeshaji wanaoshikilia kadi za wastaafu hata sasa, na hati ya namna hiyo ikiwa mikononi mwao itakuwa balaa. Kwa hiyo tunaitaka iwe na marufuku: mtu anayemdai mstaafu asiwe mwakilishi wake.

Na kwa wanachama wetu ambao wangali timamu: semeni sasa, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, mngependa nani ateuliwe. Karatasi hiyo haimfungi jaji, lakini ataisoma.

Limetolewa Mombasa na Kamati Tendaji ya chama.