Kisukari na Kujifungua: Madai Manne Yasiyosimama

"Mtoto mkubwa ndiye mwenye afya." Si kila mara. Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma, lakini insulini yake haipiti. Kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini nyingi, na sukari ile hugeuka mafuta, hasa mabegani na kifuani. Ndiyo maana kichwa chaweza kutoka vizuri, kisha bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena. Hapo mtoto hukosa hewa, au mishipa ya fahamu ya mkono wake huumia.

"Basi kila mwenye kisukari apasuliwe." Hapana. Tuseme mama ana mimba ya wiki 38, na ultrasaundi imeonyesha mtoto wa kilo 3.9. Hayo ni makadirio, na yanaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 15. Huenda mtoto ana kilo 3.4, huenda 4.4. Miongozo ya Marekani hushauri upasuaji wa kupanga ufikiriwe makadirio yanapofika kilo 4.5. Mama huyu anaweza kujifungua kwa njia ya kawaida, mradi awe hospitali yenye chumba cha upasuaji na wakunga waliozoea kunasua mabega.

"Tusubiri uchungu uje wenyewe." Kusubiri kuna mpaka, kwa sababu kisukari huongeza hatari ya mtoto kufia tumboni. Mwongozo wa Uingereza unasema aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba, bila matatizo mengine, ajifungue kati ya wiki 37 na wiki 38 na siku 6. Aliyepata kisukari cha mimba tu asivuke wiki 40 na siku 6. Wala tusiharakishe bila sababu: mapafu ya mtoto wa mama mwenye kisukari huweza kuchelewa kukomaa.

"Akiwa leba anywe chai tamu, sindano aache." Dai hili ndilo la hatari zaidi. Katika leba sukari hupimwa kila saa, ibaki kati ya milimoli 4 na 7 kwa lita. Ikipanda hadi 8.6 na kugoma kushuka, mama huwekewa dripu ya glukosi pamoja na ya insulini. Sukari yake ikiachwa juu, kongosho la mtoto huzidi kumwaga insulini. Kitovu kikikatwa, sukari ya mama hukatika lakini insulini ya mtoto hubaki, na sukari yake huporomoka. Anaweza kutetemeka, kulegea au kukataa ziwa. Anaweza pia asionyeshe dalili yoyote, hivyo lazima apimwe. Anyonyeshwe ndani ya dakika 30, kisha kila baada ya saa 2 hadi 3.

Mama mjamzito mwenye kisukari, ukifika wiki ya 36 usitoke kliniki bila majibu ya maswali matatu: nitajifungua lini, wapi, na nani atapima sukari yangu na ya mtoto?