Maziwa kukukataa si aleji

Hapa Kibugu ukikataa chai ya maziwa, utaulizwa nani amekukosea. Ndiyo maana wengi wetu tuko na jibu la haraka: "Niko na aleji." Watu wanakuacha. Mimi nasema tuache hiyo sentensi, juu kuna mtu inamweka hatarini.

Wengi wetu ni tumbo tu linakataa. Ukiwa mtoto, utumbo hutoa kimeng'enya kinaitwa laktasi, ambacho huvunja sukari ya maziwa. Ukikua, kwa watu wengi kinapungua. Sukari ikishuka hadi utumbo mpana bila kuvunjwa, bakteria wanaila, na hapo ndipo tumbo linajaa gesi, linanguruma, na unaendesha. Hii huanza baada ya nusu saa hivi, au hata masaa kadhaa. Ni noma ukiwa kwa matatu, lakini haikuui.

Aleji ni story tofauti. Kinga ya mwili inachukulia protini ya maziwa kama adui. Mara nyingi ndani ya dakika chache, na kwa kawaida kabla masaa mawili kuisha, ngozi inatoa vipele vya kuwasha, midomo na macho yanafura, mtu anatapika au kifua kinabana. Koo likifura, anaweza kufa.

Sasa weka hawa wawili meza moja kwa shosho. Yule wa tumbo anaweza kujaribu nusu kikombe pamoja na chakula, au anywe mala, kwa sababu bakteria wa mala washakula sehemu ya ile sukari. Yule wa aleji hana nusu kikombe. Mala, siagi, mandazi ya maziwa, hata kijiko kilichokoroga chai ya mwingine, kote kuna protini ileile, na kuchemsha hakumwokoi.

Shida ni kwamba shosho ashaona wajukuu kibao "wenye aleji" wakimaliza jagi la mala bila neno. Huyu wa kweli akikataa, ataona ni madoido, amwekee "kidogo tu."

Na akianza kufura na kupumua kwa shida, usimpe piritoni ukakaa kungoja. Piritoni hutuliza mwasho, haifungui koo. Anahitaji sindano ya adrenalini pajani, kwa hivyo ni hospitali saa hiyo. Tafuta gari, si boda, kwa sababu anafaa kulala miguu ikiwa juu. Kama pumzi inamsumbua akae, lakini asisimame wala kutembea. Hata akipata nafuu njiani, msirudi nyumbani, maana inaweza kumrudia.

Kama umewahi kufura baada ya maziwa, usijijaribu nyumbani, acha daktari akupime. Kama ni gesi tu, sema "maziwa hunikataa." Inatosha, na neno aleji tuwaachie wenye wakilisema, kikombe lazima kiondolewe mezani.