Mwalimu Mgeni Aachiwe Karatasi

Sisi wazazi wa Mpanda tumechoka kuambiwa kwamba mwalimu wa darasa akienda likizo ya uzazi, siku 84 kisheria, anayemshikia nafasi ameachiwa kila kitu. Kila kitu kipi? Anaachiwa azimio la kazi, shajara ya somo na daftari la mahudhurio. Humo ataona mada ilipofikia. Haoni popote nani akae wapi, na kwa nini.

Mtoto wetu mmoja wa darasa la tatu ana ualbino. Mwalimu wake alimkalisha dawati la mbele, mbali na dirisha, kwa sababu haoni mbali na mwanga mkali unamuumiza macho. Jirani yake alikuwa akimsomea ya ubaoni kwa sauti ya chini. Akaja mwalimu mgeni, akapanga watoto kwa kimo, wafupi mbele, warefu nyuma, kama afanyavyo mwalimu yeyote aliyekuta darasa limefurika. Mtoto akaangukia nyuma, ubavuni mwa dirisha, na akavuliwa kofia yake ya kukinga jua kwa kuwa si sare. Baada ya muda daftari lake likawa na tarehe na kichwa cha somo tu, na wino mwekundu pembeni: mvivu. Nyumbani tulimwona akisogeza kitabu hadi puani, kichwa kakiinamisha upande. Hizo ndizo dalili, na asiyeambiwa hawezi kuzijua.

Mwalimu yule hatumlaumu. Karatasi moja ingetosha. Ichorwe mpangilio wa madawati na majina, wasiohamishwa watiwe alama na sababu iandikwe. Yaandikwe ya kila siku: saa ya uji, namna ya kukusanya madaftari, monita yupi anaweza kulituliza darasa. Wasaidizi watajwe pia. Kuna mtoto aliyekulia Kisukuma, ukimwelekeza harakaharaka kwa Kiswahili hunyamaza. Mwenzake wa dawatini humfafanulia. Wakionekana wananong'ona wasitenganishwe.

Mwenye kifafa aandikiwe ya kufanya: alazwe ubavu, asitiwe kijiko wala chochote mdomoni, saa itazamwe, na degedege likipita dakika 5 akimbizwe hospitali huku mzazi akipigiwa simu. Lakini habari za ugonjwa zisibandikwe ukutani watoto wakazisoma na kumcheka. Mwalimu akabidhiwe karatasi hiyo mkononi, akimaliza muda wake airudishe kwa mwalimu mkuu.

Na jambo linalotunyima usingizi kuliko yote ni saa ya kutoka. Nchi hii imeshawahi kupoteza watu wenye ualbino kwa ushirikina. Mwalimu mgeni hajui sura ya mjomba wala ya jirani. Basi liandikwe jina la anayemchukua mtoto mwenye ualbino na namba yake ya simu, na asipofika, mtoto abaki ofisini na mwalimu wa zamu mpaka afike.